Tofu ni soya, chicha ndo hiyo tunayotupa

"Jamani hii tofu imetengenezwa na soya kweli au ni aina ya jibini? Na mtu akila hiyo badala ya samaki anapata protini kamili?"

Ni soya tu ndugu yangu, hamna maziwa ya ng'ombe hata tone. Na ndio, protini yake ni kamili, ila hilo neno "kamili" watu wanalielewa ndivyo sivyo, ntalifikia hapo chini. Mie nimefanya kazi jikoni kwenye hoteli moja upande wa Paje miaka kadhaa, wageni wasiokula nyama wala mayai walikuwa wanaidai kila siku, nikajifunza kule, sasa nimerudi kwetu Chake Chake na huwa naitengeneza nyumbani kila soya ikipatikana, inakuja na magunia kutoka bara, Songea na Mbeya huko.

Kwa mtu wa huku kuielewa ni rahisi sana kwa sababu ni nazi ile ile. Unaiweka soya pahala pa nazi, unasaga, unakamua kwenye kifumbu, yanayotoka meupe ni kama tui na yanayobaki ni chicha. Tofauti ni kwamba hilo tui la soya ukilichemsha kisha ukalitia kitu cha kuligandisha linakatika, linakuwa mabonge, unayakandamiza ukapata kipande cheupe cha kukata kwa kisu. Ndo mana inafanana na jibini, mwendo ni mmoja ila mali ghafi siyo. Wachina wanafanya hivi zaidi ya miaka 1000.

Sasa nawapa hesabu ya juzi maana hapo ndo jawabu lenyewe lilipo. Nilichukua nusu kilo ya soya kavu, nikairoweka usiku kucha. Joto letu hili usiiache maji yale yale mpaka mchana, yanafanya povu na harufu ya kuchacha, mie huamka alfajiri nikabadilisha maji. Utajuaje imeiva kuroweka? Ipasue punje moja kati, ukiona pale ndani pako bapa na rangi moja basi tayari, ukiona katikati pamebonyea kama kashimo bado. Nikaisaga kwenye blenda kidogo kidogo na maji, jumla yakafika kama lita nne, nikakamua kwenye kitambaa cha kanga kuukuu iliyofuliwa vizuri (kifumbu matundu yake makubwa, chicha nyengine inapita ikaifanya tofu ya changarawe).

Hapo kwenye kuchemsha ndipo nilipoharibu mara ya kwanza kabisa nikiwa peke yangu nyumbani, na nataka msome vizuri. Tui la soya linapanda povu kabla halijachemka. Yani unaliona linavimba linataka kumwagika, wewe unasema hilo limechemka, unazima jiko. Siyo! Lile povu tu, maji bado hayajafika. Mie nikazima, nikagandisha, nikawakaangia watu wa nyumbani, wakala wakasifu, usiku ule ule mama mkwe anashika tumbo, watoto gesi na kuendesha, mie mwenyewe sisemi. Mbona hotelini haikutokea? Kwa sababu kule mpishi mkuu alikuwa anasimama na upawa anaondoa povu, anapunguza moto, halafu anaacha lichemke kweli kweli dakika 10 mpaka 15 huku anakoroga chini lisiungue, mie nilikuwa naona anapoteza gesi.

Sababu ni hii. Soya mbichi ina kitu ndani yake kinachozuia kimeng'enya cha tumboni kinachosaga protini. Kwa hiyo unaweza kula protini nyingi na nzuri mwili usiifaidi, na tumbo likakusumbua juu. Moto ndo unaokiua hicho kitu. Dalili ni harufu na ladha, tui likiwa halijaiva linanuka majani mabichi na linaacha uchungu mdomoni, likiiva harufu ile inageuka inakuwa tamu tamu kama njugu zilizochemshwa. Tumia sufuria kubwa mara mbili ya tui lako, basi.

Likishaiva nikalipumzisha dakika chache lisiwe linatokota, nikakamua ndimu nikapata kama vijiko sita vya chakula, nikavichanganya na kikombe cha maji, nikawa namimina kwa mafungu matatu huku napitisha mwiko pole pole, ukikoroga kama uji unayavunja mabonge. Baada ya robo saa maji yanajitenga, yanakuwa ya manjano unaona mpaka chini. Yakibaki meupe kama maziwa, protini yako bado imo mle, ongeza ndimu kidogo. Kisha kwenye kitambaa, juu yake kibao na jiwe, nusu saa mpaka saa nzima kwa jinsi unavyotaka ugumu.

Siku ile nilipata kama gramu 800. Sasa soya kavu protini yake ni kama gramu 36 kwa kila gramu 100, kwa hiyo nusu kilo ilikuwa na 180 hivi. Tofu ngumu kama ile yangu ina kama 14 kwa kila 100, zidisha utapata 112 hivi. Zilizobaki zimekwenda wapi? Kwenye chicha na yale maji ya manjano. Ndo maana nakwambia hatuli soya yote, tunakula ile sehemu iliyokubali kuganda.

Haya, "kamili". Protini imejengwa na vitu vidogo vinaitwa asidi amino, na kuna tisa ambazo mwili wa mtu mzima hauwezi kujitengenezea, lazima uzile. Chakula kikiwa nazo zote tisa kwa kiasi cha kutosha kwa mahitaji ya mwili ndo kinaitwa protini kamili. Samaki, yai, maziwa vinazo. Nafaka nyingi zinakwama pahala pamoja, mchele wetu na unga wa ngano vina lisini kidogo. Soya inazo zote tisa na lisini imejaa tele, pahala pake panyonge ni methionini, iko chini kidogo kuliko ya yai lakini siyo chini ya kumkwamisha mtu mzima. Wataalamu wana kipimo cha ubora wa protini, juu kabisa ni 1, yai na maziwa vinafika hapo, soya iko kwenye 0.9 kwenda juu, ngano kama 0.4. Na wali ingawa una lisini kidogo methionini unayo, kwa hiyo wali na tofu vinafukiana mashimo, kama wali na kunde ulivyozoea kwenu, na wala si lazima viwe kwenye sahani moja saa ile ile, siku hiyo hiyo inatosha.

Lakini kamili haina maana ni nyingi!! Hapa ndo wengi wanaanguka. Kamili ni kuhusu zipi zimo, siyo ngapi. Tofu ni maji kwa sehemu kubwa, na kila inavyokuwa laini maji yanazidi. Ile laini kabisa inayotikisika kama kastadi, tuliyokuwa tunawawekea wageni kwenye supu, ina kama gramu 7 tu kwa 100, nusu ya ile ngumu. Samaki, changu au jodari, ni kama 20 kwenda juu. Kwa hiyo wewe uliyeuliza "badala ya samaki", ukitoa kipande cha samaki cha gramu 100 ukaweka tofu ngumu ya ukubwa ule ule umepungukiwa, weka gramu 150 hivi upate sawa. Ukiweka ile laini itabidi ule bakuli zima la gramu 300. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji kama gramu 50 za protini kwa siku kutoka kwenye vyakula vyote, kwa hiyo gramu 200 za tofu ngumu zinakupa 28, zaidi ya nusu, na mengine yanatoka kwenye wali, maharage, chapati.

Na protini ikiwa kamili chakula hakijawa kamili. Vitamini B12 haimo ndani ya tofu, kwa hiyo kama unakusudia kuacha samaki na mayai na maziwa moja kwa moja hiyo utaitafuta pengine, vidonge au vyakula vilivyoongezewa. Chokaa ya mifupa nayo, yani kalsiamu, inategemea imegandishwa na nini. Ya ndimu kama yangu haina nyingi. Za dukani nyingi zimegandishwa kwa chumvi, geuza pakiti, ukiona E516 hiyo ni chumvi ya kalsiamu, inakuongezea kalsiamu nzuri tu, ukiona E511 ni ya magnesiamu. Hiyo ya magnesiamu ndo ile ile inayopatikana kwenye maji machungu yanayobaki bahari ikishatoa chumvi, Wajapani wa zamani walikuwa wanakinga yanayochuruzika chini ya magunia ya chumvi wakagandishia tofu. Sisi Pemba tuna mashamba ya chumvi na yale maji tunamwaga. Nilishajaribu mara moja, ikaganda laini nzuri kuliko ya ndimu, ila yale ya kwenye mabwawa yana matope na kila kitu, simshauri mtu.

Na hapo hapo kwenye kugeuza pakiti, kuna kitu kinaitwa tofu ya mayai, kinauzwa kwenye vibomba vya plastiki rangi ya manjano, hicho kimeganda kwa mayai na nyengine hazina soya kabisa. Mwenye mzio wa mayai awe macho, na mwenye mzio wa soya asiiguse tofu yoyote hata mimi nikimwapia imeiva.

Na ladha je? Haina, bwana. Inanyonya unachoitia. Mie naikamua maji, naikata, naitia chumvi, pilipili, ndimu na bizari, naikaanga mpaka inafanya ganda, kisha naitumbukiza kwenye mchuzi wa nazi dakika za mwisho, mama mkwe sasa anakula (baada ya kuniuliza mara tatu kama nimechemsha). Ikibaki iweke kwenye maji friji, badilisha maji kila siku, siku nne tano inakaa, ikianza utelezi na uchachu tupa. Na chicha usitupe, ina protini na nyuzi nyuzi, changanya na viazi ufanye katlesi, lakini iwe siku ile ile, maana kwa joto letu ukiiacha mezani mpaka alasiri imeshachacha.