LO na FO kwenye daftari la chumba cha injini

"Nawatafsiria mabaharia wetu wanaokwenda ng'ambo. LO na FO zote niandike 'mafuta'?"

Hapana. LO ni oili ya kulainisha injini, FO ni mafuta yanayochomwa. Tuseme daftari lina LO ya jenereta namba 2, presha kutoka bar 4.5 hadi 3.2. Ukiandika "mafuta yameshuka", fundi wa zamu atakimbilia tangi la dizeli, kumbe alipaswa kupima oili kwa kijiti na kukagua chujio. Andika "presha ya oili imeshuka". "Kiwango cha oili" ni jambo jingine kabisa. Vifupisho na vizio viache vilevile, ndivyo atakavyovikuta kwenye geji. Ukikosea daftarini, kata kwa mstari mmoja unaosomeka, utie saini. Usifute.