Uzio kutoka kwenye picha: nguzo ngapi, waya kiasi gani?

Nimepiga picha ya uwanja wangu na kuandika urefu wa pande: mita 24, 18.5, 26 na 17. Geti la mita 4 litakaa kwenye upande wa 24, mita 5 kutoka kona. Nikiweka nguzo kila mita 2.5, zinahitajika ngapi?

Nguzo 35. Wengi hujumlisha pande zote, wanagawa kwa 2.5, basi. Hesabu hiyo inasahau kwamba kila kona lazima ipate nguzo yake, na upande haugawanyiki sawasawa kwa kukuheshimu wewe. Kwa hiyo hesabu nafasi za upande mmoja mmoja, na ukipata desimali panda juu.

Upande wa 24 umekatwa na geti: zimebaki mita 5 na mita 15, yaani nafasi 2 na nafasi 6. Upande wa 18.5 unatoa 7.4, hivyo nafasi 8. Wa 26 unatoa 10.4, hivyo 11. Wa 17 unatoa 6.8, hivyo 7. Jumla ni nafasi 34. Geti nalo ni nafasi moja, zinakuwa 35, na kwa kuwa uzio unazunguka mpaka kurudi ulikoanzia, idadi ya nguzo ni sawa na idadi ya nafasi.

Usichimbe kila mita 2.5 halafu ukaacha kipande kifupi kwenye kona. Gawanya upande wa 18.5 kwa 8, nguzo zikae kila mita 2.31 hivi, nao uzio utapendeza. Kati ya hizo 35, nne ni za kona na mbili ni za geti. Hizo sita ziwe nene zaidi maana ndizo zinazobeba mvuto wa waya. Ongeza nguzo za kuegemeza: mbili kila kona, moja kila nguzo ya geti. Ni 10 za ziada, na ndizo husahaulika kwenye orodha ya manunuzi.

Na seng'enge, mistari mitano?

Ondoa geti kwanza: 85.5 toa 4 ni mita 81.5. Mara mistari mitano ni mita 407.5. Lakini waya hauishii pale unapogusa nguzo, unazungushwa na kufungwa. Ukikata na kufunga kila kona, kila mstari una vipande vitano, maana yake ncha kumi. Ukitenga sentimita 60 kwa kila ncha, ni mita 6 kwa mstari, mita 30 kwa yote. Unahitaji mita 437.5.

Sasa angalia roli. Likiwa la mita 200, unanunua matatu. Likiwa la mita 250, mawili yanatosha na unabaki na mita 62.5. Muuzaji akikutajia kilo tu, muulize mita. Uzito hupanda kwa mraba wa unene: waya wa milimita 2.5 una uzito wa karibu mara mbili na nusu ya ule wa 1.6 kwa urefu uleule. Roli mbili zenye kilo sawa zinaweza kupishana urefu kwa zaidi ya nusu.

Kwenye picha upande wa 17 unaonekana mrefu kuliko wa 18.5. Nifuate picha au namba?

Namba. Kilicho karibu na kamera hukua, kilicho mbali husinyaa. Picha ikusaidie kujua upande upi umeshikana na upi, na geti liko wapi. Ila hakikisha namba imepimwa kona hadi kona: mara nyingi mtu hupima mpaka ukutani mwa nyumba, kipande cha nyuma kikabaki bila kuhesabiwa. Kagua pia kipimo chenyewe. Gari dogo lina urefu wa mita 4 hadi 5. Likionekana kujaza nusu ya upande ulioandikwa 30, na limesimama sambamba na upande huo na kugusana nao, huenda namba hizo ni futi.

Namba nimezitoa kwenye ramani ya satelaiti, na uwanja wangu una mteremko.

Ramani hupima umbali wa bapa, waya hufuata ardhi. Ardhi ikishuka mita 1 kwa kila mita 5, urefu halisi huongezeka kwa asilimia 2 tu. Ikishuka mita 1 kwa kila mita 3, ni zaidi ya asilimia 5: upande wa 26 unakuwa mita 27.4. Ongeza kwenye pande zinazoshuka peke yake.

Uwanja wangu una umbo la L, pande mbili sikuziandika.

Kama kona zote ni mraba, toa tu: upande mrefu 30, kipande kinachoukabili 18, kilichobaki ni 12. Fanya hivyohivyo kwa upande wa pili. Kona hata moja ikiwa imelala, rudi na tepu.