Uzi mwekundu kwenye mguu wa Tausi

"Mwanangu, maziwa yako umeyatia nini?"

Bibi anayechukua maziwa kwangu kwa ajili ya mtindi alinipigia simu Ijumaa alfajiri bila salamu, na kwa sisi tunaomjua, salamu zake peke yake humaliza vocha. Nikajua kuna jambo. Jana yake alikuwa ameyachemsha, akayapoza, akatia mtindi wa juzi kuwa chachu, akafunika sufuria na kulala. Alipofunua akakuta maziwa vilevile alivyoyaacha, meupe na mepesi, yanachezacheza kama maji. Lita 15 zote. Yeye alidhani nimeyapiga maji. Laiti ingekuwa maji.

Tausi ni ng'ombe wangu chotara wa Jezi, na wiki ile kiwele kilimvimba chuchu ya nyuma kushoto, maziwa yakatoka na mabonge. Daktari wa mifugo alikuja Jumatatu, akampima kifua kwa mkanda, akakadiria kilo 320, akaandika sindano za penisilini na streptomaisini, mililita 16 kwa siku, siku tatu mfululizo. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, kila siku saa 2 asubuhi. Kabla ya kuondoka akanionesha lebo: maziwa siku 3. Nikaitikia. Tena nikaitikia kwa kujiamini, maana nafuga miaka mingi.

Nikamwaga maziwa ya Tausi Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Siku tatu zikatimia vidoleni mwangu. Alhamisi alfajiri kijana wangu akamkamua, zikatoka lita nne, akazichanganya na za ng'ombe wenzake kwenye dumu, dumu likaenda kwa bibi, na dawa iliyomo ikaizuia chachu yake.

Kosa ni hilo tu, na nimelikuta kwa wafugaji wengi tangu nianze kuuliza: tunahesabu tangu sindano ya kwanza. Siku za kusubiri huanza sindano ya mwisho inapochomolewa. Ile Alhamisi saa 11 alfajiri, Tausi alikuwa na saa 21 tu tangu dawa ya mwisho, na lebo inataka saa 72.

Hesabu ifanye kwa saa. Sindano ya mwisho ilikuwa Jumatano saa 2 asubuhi, kwa hiyo saa 72 zinatimia Jumamosi saa 2 asubuhi. Sisi hukamua saa 11 alfajiri na saa 10 jioni. Maziwa ya Jumamosi alfajiri yangekamuliwa saa tatu kabla ya muda kwisha, basi nayo ni ya kumwaga, na ya kwanza kuuzwa ni ya Jumamosi jioni. Mtu anayesema "siku tatu, basi Jumamosi" atayauza yale ya alfajiri bila kujua. Ukianza Jumatatu jioni, jumla ni mikamuo kumi ya kumwaga, kwangu mimi kama lita 40. Inauma. Lakini ijue mapema uiingize kwenye gharama ya ugonjwa, badala ya kuja kuikwepa siku ya tatu. Na hata saa zikitimia, maziwa yakiwa bado yana mabonge ujue ugonjwa haujaisha, usiuze.

Kuna wanaosema, si chuchu moja tu, nitamwaga ya chuchu hiyo na kuuza tatu zilizobaki. Dawa iliyochomwa shingoni inapita kwenye damu na kufika kiwele kizima. Hata tyubu inayotiwa kwenye chuchu moja, sehemu yake huingia kwenye damu na kutokea chuchu nyingine. Mwaga zote nne. Na wanaosema "watayachemsha huko" wajue kwamba bibi wa mtindi aliyachemsha, tena sana. Kuchemsha kunaua vijidudu, penisilini inabaki. Mteja mwenye mzio wa penisilini hapati salama yoyote kwa jiko lake.

Wengine hutegemea kuchanganya, kwamba lita nne ndani ya kumi na tano zitapotea. Kiwango cha juu kinachokubalika kimataifa cha penisilini kwenye maziwa ni maikrogramu 4 kwa kilo, na kilo ya maziwa ni karibu sawa na lita. Chukua tyubu ya kiwele yenye miligramu 200 za penisilini. Tuseme sehemu moja tu ya kumi imebaki kwenye ndoo unayokamua, yaani miligramu 20, ambazo ni maikrogramu 20,000. Ili ishuke hadi 4 kwa lita unahitaji lita 5,000. Sijui nani kijijini kwetu ana dumu la namna hiyo.

Basi nikamlipa bibi maziwa yake na gesi yake, na nikakaa kutafakari. Nilipochunguza nikaona kosa la hesabu lilikuwa langu, lakini hata ningehesabu sawa, kijana angekosea vilevile, kwa sababu hakuna kitu chochote bandani kilichomwambia. Daftari lilikuwa ndani ya nyumba. Anayekamua saa 11 alfajiri hafungui daftari. Anachuchumaa, anaona miguu ya ng'ombe.

Kwa hiyo alama nimeipeleka pale macho yake yalipo. Nachana ukanda wa kanga nyekundu iliyochakaa, naufunga mguu wa nyuma juu ya kifundo, upande anaochuchumaa mkamuaji, usikaze, vidole viwili vipite. Wengine hufunga mkiani, lakini mkia unachafuka kwa kinyesi na rangi haionekani. Uzi hufungwa kabla ya sindano, sio baada. Niliwahi kuchoma kwanza, ng'ombe akanipiga teke, nikaenda kuosha mguu na uzi nikausahau hadi jioni. Na uzi anaufungua mtu mmoja tu, ambaye ni mimi. Kijana hata akiona siku zimepita, anauliza kwanza.

Alama ya pili ni kibao cha chaki mlangoni mwa banda. Hapo siandiki "siku 3", kwa sababu siku 3 humfanya kila mtu ahesabu upya kwa namna yake. Naandika siku na mkamuo wa kuachia: TAUSI, MWAGA, KUUZA JUMAMOSI JIONI. Mwenye uzi hukamuliwa mwisho, kwenye ndoo yake mwenyewe, na ndoo hiyo haimiminwi kwenye dumu la kuuzia hata tone. Maziwa yanamwagwa shimoni mbali na kisima. Simpi ndama ambaye huenda akauzwa kwa kuchinjwa, maana dawa hiyo inahamia kwake na siku zake nazo inabidi zihesabiwe.

Daftari nalo lina kazi yake, ila ni kazi ya nyama zaidi kuliko maziwa, kwa sababu nyama hukaa muda mrefu kupita kumbukumbu ya mtu. Mstari wa Tausi, baada ya kuuandika tena sawasawa, unasomeka hivi:

Jumatano 14 Agosti 2024, saa 2 asubuhi. Tausi. Kiwele, nyuma kushoto. Penisilini na streptomaisini, ml 16, shingo kulia, sindano ya 3 kati ya 3. Maziwa: Jumamosi 17 Agosti jioni. Nyama: 4 Septemba. Figo: 28 Septemba.

Ndiyo, figo. Lebo ya chupa ile iliandika nyama siku 21 na figo siku 45, na mimi miaka yote sikuwahi kufika mstari huo. Streptomaisini hung'ang'ania kwenye figo muda mrefu kuliko kwenye mnofu. Chupa ya kampuni nyingine yenye dawa ileile inaweza kuwa na siku nyingine, kwa hiyo usinakili siku zangu. Piga picha lebo ya chupa yako kabla ya kuitupa. Lebo ikisema dawa hiyo si ya ng'ombe anayekamuliwa kwa ajili ya watu, hakuna siku za kuhesabu hapo, mrudishie daktari atoe nyingine. Na siku za lebo zinakwenda na dozi ya lebo: ukizidisha mililita au ukarefusha siku za kuchoma, mwambie daktari akupe muda mpya. Lebo ya ng'ombe haimhusu mbuzi.

Bibi wa mtindi amenifundisha kipimo chake, na nakitumia kama nyongeza. Maziwa ya mwenye uzi kikombe kimoja, ya ng'ombe asiyetibiwa kikombe kingine, yote yachemshwe na kupozwa pamoja, yatiwe chachu ya sufuria moja kijiko kwa kijiko. Asubuhi kikombe cha pili kikiganda na cha kwanza kikibaki maji, dawa bado ipo. Bila kile kikombe cha pili hujui kama tatizo ni dawa au ni chachu iliyokufa. Lakini yakiganda yote mawili usishangilie. Vijidudu vya mtindi vinaonewa na penisilini kirahisi, kuna dawa nyingine zinavuka kiwango na mtindi unaganda vizuri tu. Kipimo hiki kinaweza kukukataza kuuza, hakiwezi kukuruhusu kabla ya siku za lebo.

Nyama ilikuja kunijaribu mwaka uliofuata. Fahali wangu alishikwa na ndigana baridi, akachomwa oksitetrasaiklini ya muda mrefu, ile ya asilimia 20, tarehe 20 Mfungo Pili, mwezi unaotangulia Mfungo Tatu wa Idi ya kuchinja. Dawa hii imetengenezwa itoke polepole pale ilipochomwa, ndiyo faida yake na ndiyo sababu lebo yake ilidai siku 28 za nyama. Wiki mbili baadaye fahali anang'ara, anakula, na mnunuzi wa Mfungo Tatu amesimama mlangoni na pesa mkononi.

"Bwana we, huyu ng'ombe mzima kabisa."

"Mzima, lakini hajatoka dawa."

Nilimfungulia daftari. Ishirini na ishirini na nane ni 48, toa mwezi wa siku 29 au 30, unaangukia tarehe 18 au 19 Mfungo Tatu, na sikukuu ni tarehe 10. Akacheka, akaniambia wenzangu hawana daftari. Akaenda kununua kwao. Fahali nilimuuza mwisho wa mwezi ule kwa watu wa harusi, bei ikiwa chini kidogo, na kwenye karatasi ya mauzo nikaandika dawa na tarehe.

Tangu hapo nahesabu kinyumenyume. Ukitaka kuchinja tarehe 10 Mfungo Tatu, sindano ya mwisho ya dawa ya siku 28 isipite tarehe 11 Mfungo Pili, hata mwezi ukiandama kwa siku 29. Kwa hiyo siku za mwanzo za Mfungo Pili nazunguka banda na daktari tukiwatazama wa kuuzwa mmoja mmoja. Anayeugua baada ya tarehe hiyo anatibiwa kama kawaida, anafungwa uzi, na jina lake linafutwa kwenye orodha ya sikukuu.