Embe la kutafuna na juisi ya embe haviingii mwilini kwa mwendo mmoja

Msimu wa maembe ukiiva Tabora, kuanzia Novemba hivi, jagi la juisi halikauki mezani. Mwenye kisukari aliyeacha soda mara nyingi huhamia kwenye hilo jagi kwa moyo mweupe, kwa sababu ni tunda, limetoka mtini, na halina kemikali. Halafu asubuhi anapima, namba ziko juu, na lawama zinakwenda kwa ugali au kwa dawa. Tuliangalie jagi lenyewe kwanza.

Chukua maembe sita ya wastani. Ukiondoa ganda na kokwa, kila moja linabaki na nyama ya gramu 200 hivi, na katika kila gramu 100 za nyama hiyo kuna sukari karibu gramu 14. Maembe sita basi yana sukari ya gramu 160 na ushee kabla hujagusa kopo la sukari. Unasaga, unaongeza maji hadi lita 2, unachuja, na nyumba nyingi hapo humimina robo kilo ya sukari. Jumla sasa ni zaidi ya gramu 400. Jagi hilo linatoa glasi nane za mililita 250, kwa hiyo kila glasi ina gramu 50 hivi, sawa na vijiko vya chai 12 vya sukari vilivyosawazishwa. Hakuna mtu anayeweka vijiko 12 kwenye kikombe cha chai.

Acha sukari ya kuongeza. Glasi inabaki na gramu 20, yaani sukari ya robo tatu ya embe moja. Hapo wengi husema: kama ni robo tatu ya embe tu, si ni sawa na kulila? Kiasi kinakaribiana, lakini mwendo wa sukari kuingia kwenye damu haulingani, na kwa mwenye kisukari mwendo ndio wenye madhara.

Ndani ya embe, sukari imefungiwa kwenye seli zenye kuta za nyuzinyuzi. Meno huvunja sehemu tu ya kuta hizo. Vipande vingine vinafika tumboni vikiwa bado vizima, na tumbo huvitoa kidogokidogo kuelekea utumbo mwembamba. Zaidi ya hapo, maembe yana pektini, aina ya nyuzinyuzi inayoyeyuka na kuwa kama uji mzito. Uji huo hupunguza kasi ya glukosi kufika kwenye ukuta wa utumbo na kunyonywa. Juisi iliyochujwa haina breki hizo mbili. Makapi yamebaki kwenye kichungi, sukari iko huru ndani ya maji, na maji hutoka tumboni upesi kuliko chakula kigumu.

Mtu asiye na kisukari anaweza kulipokea wimbi hilo, maana kongosho lake humwaga insulini ya kwanza ndani ya dakika chache. Katika kisukari aina ya pili, mmwago huo wa kwanza umedhoofika au haupo, na ini nalo huendelea kutoa glukosi yake wakati lingepaswa kutulia. Ndiyo maana juisi huweza kupandisha sukari kwa kasi ndani ya nusu saa hadi saa moja. Embe la kutafuna huipandisha taratibu zaidi na kilele chake huwa chini.

Kuna na suala la muda wa kula. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1977, watu walipewa matofaa mazima, yaliyopondwa, au juisi yake, wanga ukiwa sawa. Juisi iliweza kumalizwa mara 11 haraka kuliko tunda zima, ilishibisha pungufu kuliko tunda zima, na insulini ilipanda juu zaidi. Hao walikuwa watu wenye afya. Kutafuna kunachosha taya, na uchovu huo ni kinga: ni vigumu kula maembe matatu kwa mkupuo, ila glasi tatu za juisi hupita kwenye mazungumzo ya jioni.

Je, ukisaga bila kuchuja? Ni afadhali, kwa sababu nyuzinyuzi zimekatwakatwa lakini zimo. Sharti ni moja: pima tunda kabla ya kulitia kwenye blenda. Nusu embe, maji, basta. Ukianza na maembe manne ukanywa "kidogo", hujui umekunywa nini. Kuchuja kwanza kisha kurudisha kijiko cha makapi hakuifanyi juisi kuwa tunda tena, kwa sababu sukari imeshatoka kwenye seli.

Nyuzinyuzi huchelewesha sukari, haziifuti. Maembe matatu mazima bado yatakupandisha. Kipimo cha kuanzia kwa mara moja ni wanga wa gramu 15, ambao unaupata katika nusu embe la wastani au chungwa moja. Pera tunalisifu zaidi: gramu 100 zake zina nyuzinyuzi zaidi ya gramu 5, mara tatu ya embe. Na tunda likifuata sahani ya wali, wanga hujumlishwa. Punguza wali uliopikwa kwa theluthi ya kikombe kwa kila kipimo cha tunda.

Ukitaka kuona tofauti kwenye mwili wako, tumia siku mbili zenye kifungua kinywa kilekile na dawa zilezile. Siku ya kwanza malizia kwa nusu embe, ya pili kwa theluthi mbili za glasi ya juisi isiyoongezwa sukari, ili sukari ya tunda iwe sawa. Pima kabla ya kula, kisha saa moja na saa mbili tangu ulipoanza kula. Watu wengi hupima baada ya saa mbili pekee, na kufikia hapo kilele cha juisi huenda kimeshapita, wakadhani haikuwafanya kitu. Kabla ya kudunga kidole, nawa kwa sabuni na maji, ukauke vizuri. Utomvu wa embe ulilomenya ukibaki kidoleni huingia kwenye tone la damu na kupandisha namba kwa uongo, na kupangusa kwa spiriti peke yake hakutoshi kuuondoa.

Wakati pekee ambao kasi ya juisi inatakiwa ni sukari inaposhuka chini ya 4 mmol/L, hasa kwa anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vya glibenklamaidi: jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa. Hapo tunda zima ni polepole mno. Mpe mililita 150 za juisi ya machungwa isiyotiwa maji, au vijiko vya chai vinne vya sukari kwenye maji. Subiri dakika 15, pima, na kama bado iko chini ya 4 rudia. Juisi ya embe ya lile jagi lisilo na sukari imezimuliwa. Mililita 150 zake hutoa gramu 12 tu, hivyo ongeza hadi karibu 200. Ikishapanda, ale chakula chenye wanga, kama kiazi kitamu au kipande cha mkate, isije ikashuka tena. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe chochote mdomoni, kitaingia mapafuni. Mlaze kwa ubavu na mkimbizwe hospitali.