Kabla ya kubadilisha puli au gia kwenye mashine ya mawese, hesabu mizunguko na upande wa kuzunguka

Hapa Kigoma, wenye mashine za kuponda chikichi wengi huniita pale wanapotaka kuondoa injini ya dizeli na kufunga mota ya umeme. Swali lao la kwanza huwa ni nguvu ya mota, nami huwarudisha kwenye maswali mawili yanayotangulia: shafti ya mashine izunguke mara ngapi kwa dakika, na izunguke kuelekea upande gani.

Nitaeleza kwa kazi moja niliyoifanya karibu na Simbo. Mota ilikuwa ya fezi tatu yenye mizunguko 1,450 kwa dakika, na shafti ya mashine, yenye mikono iliyolazwa mshazari ili iponde chikichi na kuisukuma kuelekea mdomo wa kutokea, ilihitaji takriban mizunguko 120. Tofauti hiyo ni mara 12, nayo ni kubwa mno kwa mkanda mmoja, kwa sababu puli ndogo ya milimita 125 ingedai mwenzake wa milimita 1,500, yaani mita moja na nusu.

Tuligawa kazi katika hatua mbili. Mota ilifungwa puli ya milimita 125, na mkanda ukapeleka mwendo kwenye puli ya milimita 500 iliyo juu ya shafti ya kati. Ukingo wa puli zote mbili hutembea kwa kasi ya mkanda, kwa hiyo puli kubwa zaidi huzunguka mara chache zaidi:

```
n2 = n1 × d1 / d2 = 1450 × 125 / 500 = 362.5
```

Kwenye shafti hiyo hiyo ya kati tukafunga gia ya meno 18 inayoshikana na gia ya meno 54 iliyo juu ya shafti ya mashine. Kwa gia huhesabu meno badala ya kipenyo, na 362.5 × 18 / 54 inatoa takriban 121.

Ninaomba msomaji asipite haraka hapa. Puli ya 500 na gia ya meno 18 zimefungwa kwenye shafti moja, hivyo haziwezi kuwa na mizunguko tofauti, na ndiyo maana uwiano wa 4 na uwiano wa 3 huzidishana kuwa 12. Hali ni nyingine kabisa ukiweka gia moja katikati ya gia mbili ili ishikane na zote, kwa kuwa meno yake hukatana katika hesabu: iwe na meno 20 au 40, ya mwisho bado itazunguka theluthi moja ya ya kwanza. Nimeona watu wakinunua gia kubwa ya katikati wakitumaini kupunguza mwendo, na mwendo ukabaki ulivyokuwa.

Kazi ya gia hiyo ya katikati ni kugeuza upande. Mkanda usiopishanishwa huzungusha puli zote mbili upande mmoja, lakini gia mbili zinazoshikana kwa nje huzunguka kinyume. Mashine yetu ya zamani ilikuwa na hatua mbili za mikanda, kwa hiyo shafti yake ilifuata upande wa injini. Baada ya kuweka jozi moja ya gia, ingezunguka kinyume cha mota. Mikono ile mshazari ingerudisha rojo la chikichi kuelekea mahali pa kulishia, na mashine ingejaa hadi kukwama huku kila kitu kikionekana kizima.

Kwa mota ya fezi tatu dawa yake ni rahisi: fundi umeme hukata umeme, kisha hubadilishana nyaya mbili kati ya zile tatu. Injini ya dizeli haigeuzwi hivyo. Kwayo ama uongeze gia ya katikati, ama uigeuze injini nzima ielekee upande wa pili wa mkanda, kama nafasi ipo. Mkanda wa V usiupishanishe, kwani utajisugua mahali unapokutana na kuisha upesi.

Hakikisha kabla ya kulisha chikichi. Umeme ukiwa umekatwa, chora alama ya chaki kwenye puli ya mota na kwenye gia kubwa, kisha zungusha mota kwa mkono. Gia kubwa ikikamilisha mzunguko mmoja wakati mota imezunguka kama mara 12, hesabu yako ni sahihi, na upande wa kuzunguka utauona kwa macho. Ukikuta tofauti ndogo, angalia ulipopimia puli, kwa kuwa mkanda wa V hukaa ndani ya mfereji, na kipenyo kinachofanya kazi ni kidogo kuliko cha ukingo wa nje. Mashine ikibeba mzigo, mkanda huteleza kidogo na mwendo kushuka chini ya 121; ukishuka sana na puli ndogo ikawa ya moto, kaza mkanda kabla ya kufikiria kubadilisha puli.