Huyo Anon na hiyo n.d. vimetoka wapi kwenye marejeo yako?

Msimamizi wangu alinirudishia sura ya pili ya tasnifu akiwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Huyu Anon ni nani, na mbona umemtegemea mara saba?" Sikuwa na jibu. Mimi mwenyewe sikuwahi kuandika neno Anon, kifupi cha Anonymous, yaani mwandishi asiyejulikana, hata mara moja. Rasimu ya kwanza niliiandaa kwa mtindo wa APA, na pale pale palipokuja kuwa na Anon palikuwa na kitu kingine kilichonipita machoni: `(PHC_2012_final.pdf, n.d.)`, hiyo n.d. ikiwa kifupi cha no date, yaani bila tarehe. Idara ilipotaka tuhamie toleo lake la Harvard, nilibadilisha mtindo kwa kubofya mara moja, na jina la faili likageuka Anon.

Ndipo nilipoelewa kwamba ugonjwa ulikuwa mmoja, dalili ndizo zilizobadilika. Ninatumia Zotero, programu ya kupanga marejeo, na maelezo yangu mengi yanaihusu hiyo. Programu ya marejeo haimjui mwandishi wa kitu chochote. Inachukua kilichoandikwa kwenye kisanduku cha `Author` na kile cha `Date`, kisha inafuata amri za mtindo uliouchagua. Kisanduku cha mwandishi kikiwa kitupu, APA inapandisha jina la chapisho mbele. Baadhi ya matoleo ya Harvard yanaweka Anon. Kwenye EndNote, programu nyingine ya marejeo, kila mtindo una ukurasa wake unaoitwa `Anonymous Works`, ambapo mtu anachagua pabaki wazi, paingie jina la chapisho, au paandikwe neno maalumu. Mwaka ukikosekana, APA inaweka n.d., na mwandishi mmoja akiwa na machapisho mawili ya namna hiyo unapata n.d.-a na n.d.-b. Kwa hiyo kuhangaika na mtindo ni kupoteza muda. Rudi kwenye maktaba yako ndani ya programu uangalie visanduku.

Lakini kwa nini viwe vitupu wakati ulibofya kile kitufe cha Zotero kwenye kivinjari na kila kitu kikaingia chenyewe? Kwa sababu kitufe hicho kinasoma kilichofichwa ndani ya ukurasa, hakisomi unachokiona wewe. Majarida mengi na hazina za tasnifu za vyuo huweka mistari kama hii nyuma ya pazia:

```html
<meta name="citation_author" content="...">
<meta name="citation_publication_date" content="...">
```

Tovuti nyingi za taasisi za serikali na mashirika hazina mistari hiyo. Ukitaka kuhakikisha, fungua ukurasa wenyewe, bonyeza Ctrl+U, kisha tafuta neno `citation_`. Usipoliona, jua kwamba Zotero huenda ikauhifadhi ukurasa huo kama `Web Page`, ikichukua kichwa cha ukurasa na tarehe ya siku ile, basi. Na hiyo tarehe huingia kwenye `Accessed`, yaani siku uliyoutembelea ukurasa. Nimeona wenzangu wengi wakiapa kwamba mwaka upo, kumbe wanaangalia kisanduku hicho. Mwaka wa chapisho unatoka kwenye `Date` peke yake.

Ukipakua PDF moja kwa moja, mambo ni tofauti kidogo. Zotero inapekua kurasa za mwanzo ikitafuta DOI, ISBN au alama nyingine ya kutambulisha chapisho. Makala ya jarida ina DOI, kwa hiyo taarifa zake zinakuja. Ripoti ya sensa haina, kwa hiyo faili linakaa peke yake kama yatima, na faili la namna hiyo huwezi kulinukuu kabisa. Mimi nililiondolea uyatima kwa haraka: kitufe cha kulia, `Create Parent Item`, `Manual Entry`. Zotero ikaniundia rekodi ya aina ya `Document` yenye jina la faili, bila mwandishi, bila mwaka. Nikasema nitarudi kuijaza. Sikurudi.

Basi tuijaze hapa. Faili lile lilikuwa ripoti ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2012 ya Tanzania, ile inayotoa idadi ya watu kwa maeneo ya utawala. Jambo la kwanza ni kufungua jalada la ripoti yenyewe na kulisoma kwa macho, kwa sababu hakuna kitufe kitakachokufanyia hivyo. Jalada linataja ofisi mbili: National Bureau of Statistics ya Dar es Salaam na Office of Chief Government Statistician ya Zanzibar. Chini kuna mwezi na mwaka: Machi 2013.

Nilianza na `Item Type`, nikaibadilisha kutoka `Document` kuwa `Report`. Anza na hiyo kabla ya kujaza chochote, maana ukiibadilisha mwishoni, visanduku ambavyo aina mpya haina vitapotea na ulichokijaza. Zotero inakuonya kabla, ila wengi wetu tunabofya OK bila kusoma. Kisha nikafuta jina la faili kwenye `Title` na kuandika jina la ripoti kama lilivyo jaladani: 2012 Population and Housing Census: Population Distribution by Administrative Areas.

Kwenye `Author` ndipo watu wengi wanapojikwaa, na mimi nilijikwaa mara mbili. Mara ya kwanza niliiandika ofisi ya takwimu kwenye `Institution` nikaona nimemaliza. Anon akabaki vile vile, kwa sababu mtindo wa idara haukichukui kilichomo kwenye `Institution` kukipeleka kwenye nafasi ya mwandishi. Mara ya pili nikaiandika kwenye `Author`, lakini nikaigawa kwenye vile visehemu viwili vya jina la ukoo na jina la kwanza, kama mtu mwenye baba na mama. Kwenye orodha ya marejeo ikatokea "Statistics, N. B. of (n.d.)", na ndani ya maandishi ikawa (Statistics, n.d.). Nilicheka peke yangu maktaba nzima ikanigeukia.

Dawa yake ni kile kialama kidogo kilicho mwishoni mwa mstari wa jina, kinachogeuza visehemu viwili kuwa kimoja. Taasisi inaandikwa kwenye sehemu moja, nzima nzima, na taasisi ya pili inapewa mstari wake. Usiziunganishe kwa "na" wala kwa alama ya `&` ndani ya kisanduku. Mtindo ndio utakaoziunganisha. Anayetumia EndNote hana kialama hicho. Yeye anaweka mkato mwishoni mwa jina la taasisi, hivi: `National Bureau of Statistics,`. Mkato huo ndio unaoiambia programu isilipindue jina. Na kwa kuwa APA toleo la 7 halirudii jina la mchapishaji endapo ndiye mwandishi, `Institution` niliiacha wazi.

Kwenye mwaka nusura niharibu tena. Jina la ripoti linaanza na 2012, mkono ukaenda wenyewe kuandika 2012. Lakini huo ni mwaka wa kuhesabu watu, na ripoti ilitoka 2013. Tafiti nyingi zina mtego huu: ripoti ya afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria ya Tanzania ya 2015-16 ilichapishwa Desemba 2016. Kwa maoni yangu mwaka wenye makosa ni hatari kuliko n.d., maana n.d. inajionyesha yenyewe kwa msomaji, ilhali 2012 hiyo ingepita hadi kwa mtahini.

Niliandika `2013-03`. Ukiandika 2013 tu inatosha. Kinachosumbua ni miandiko kama 03/13, ambayo haijulikani kipi ni mwezi, kipi ni siku, kipi ni mwaka. Pembeni ya kisanduku cha `Date` Zotero huonyesha herufi hafifu za y, m na d, kukujulisha imeelewa nini. Usipoiona y, mwaka haujaeleweka hata kama wewe unauona.

Baada ya hapo nilitaka kujua wagonjwa wengine ni wangapi. Njia niliyoiona nyepesi ni kuonyesha safu za `Creator` na `Year` kwenye orodha ya maktaba, kisha kubofya kichwa cha safu moja. Rekodi zote zenye kisanduku kitupu zinakusanyika upande mmoja wa orodha. Ukibofya tena zinahamia upande wa pili. Kati ya rekodi mia mbili na kitu nilikuta thelathini na moja bila mwandishi au mwaka. Sikuzijaza zote. Nilijaza zile nilizozinukuu, zilizobaki nikaziwekea lebo nizikumbuke.

Kuna kosa moja lililonigharimu jioni nzima. Rekodi tatu zilinichosha, nikaona bora nizifute na kuziingiza upya zikiwa safi. Nikarudi Word, nikabofya `Refresh`, na Anon akaendelea kunitazama. Hati ya Word hubeba nakala ya taarifa za kila nukuu, nayo imefungwa kwenye rekodi ile ile ya zamani. Ukiifuta, hati inaendelea na nakala iliyonayo. Kwa hiyo irekebishe rekodi iliyopo, usiibadilishe na nyingine. Kama tayari unazo mbili na hujaifuta ya zamani, zichague zote mbili, bofya kitufe cha kulia, kisha `Merge Items` uziunganishe, maana kuunganisha kunahifadhi kile kifungo. Kama ulishaifuta, itafute kwenye `Trash` kabla haijamwagwa. Mimi yangu nilikuwa nimeshaimwaga, nikabadilisha nukuu moja moja kwa mkono. Pia usiandike marekebisho moja kwa moja juu ya nukuu ndani ya Word: Zotero itaona umeigusa, na ukikubali isiiguse tena, haitafuata mabadiliko ya maktaba.

Katika thelathini na moja zile, rekodi moja iligoma kabisa. Ni kijitabu cha mafunzo nilichopewa kwenye ofisi moja ya wilaya, kimeskaniwa, hakina jina la mtu wala la taasisi, hakina tarehe jaladani wala kwenye dibaji. Sifa za faili la PDF zilionyesha mwaka, nikafurahi, kisha nikakumbuka kwamba huo ni mwaka wa kuskani. Nilishawishika kuandika Anonymous kwa mkono kwenye `Author`, lakini APA inalitaka neno hilo pale tu chapisho lenyewe limesainiwa hivyo, na programu ingelichukulia kama jina la mtu. Nikaviacha visanduku vyote viwili wazi. Msimamizi alipoiona hiyo aliizungushia duara tena, nikamfungulia kijitabu ukurasa kwa ukurasa, akaufuta mduara wake.