Vidole viwili vimejikunja: kiwiko kisichuliwe

SWALI: Assalaam aleikum daktari. Mume wangu anaendesha tuktuk Likoni. Miezi minne iliyopita alipinduka, kiwiko cha kulia kikateguka na mfupa wa upande wa ndani ukavunjika. Hospitali walikirudisha wakamfunga plasta. Kidole cha mwisho na cha pete vilikufa ganzi tangu siku hiyo, lakini vilikuwa vimenyooka. Mwezi huu vimeanza kujikunja kama makucha. Mzee anayekanda anasema mishipa imekaza, avutwe vidole na achuliwe kiwiko kwa mafuta ya moto. Tumkubalie?

JIBU: Waaleikum salaam dada. Msikubali, na tafadhali asikiguse kabisa kiwiko hicho.

Hayo maneno ya "mishipa imekaza" nayasikia karibu kila wiki, na yameharibu mikono mingi. Jaribu hivi leo jioni. Mume wako alaze mkono mezani, kiganja kikitazama chini. Utaona vile vidole viwili vimenyanyuka juu kwenye kifundo cha kwanza, pale vinapoungana na kiganja, halafu vimejikunja mbele. Sasa bonyeza hicho kifundo cha kwanza kishuke, ukishikilie hapo, umwambie anyooshe vidole. Vikinyooka, basi hakuna kilichokaza. Kilichopotea ni nguvu ya misuli midogo ya ndani ya kiganja, ambayo kazi yake ni kushusha kifundo cha kwanza na kunyoosha vile vya mbele. Ikilala, misuli mirefu ya kigasha huvuta peke yake, na kidole hukaa kama kucha. Kidole cha shahada na cha kati vimepona kwa sababu sehemu ya misuli yao hupata amri kupitia neva nyingine, yaani mshipa mwingine wa fahamu.

Kwa hiyo ugonjwa unaonekana kwenye vidole, lakini jeraha liko kwenye kiwiko. Neva ya alna, inayoamrisha misuli hiyo iliyolala, hupita nyuma ya kile kinundu cha ndani cha kiwiko, kwenye mfereji mwembamba, juu ya mfupa na chini ya ngozi tu. Ndiyo ile ukijigonga husisimka mpaka kidole cha mwisho. Mfupa ulipovunjika, neva ilivutwa au ikabanwa. Anayechua hapo kwa gumba anaisaga juu ya mfupa huohuo. Tena kukanda kwa nguvu kiwiko kilichovunjika kunaweza kufanya mfupa uote ndani ya msuli, kiwiko kisikunjike tena. Na mafuta ya moto kwenye vidole visivyosikia joto yataviunguza bila yeye kujua.

Sasa sikiliza jambo ambalo huenda likakushangaza: kujikunja huku kunaweza kuwa dalili njema. Neva ikiumia kiwikoni, msuli unaokunja ncha za vidole hivyo viwili nao hulala, ndiyo maana mwanzoni vilionekana vimenyooka. Neva huota takriban milimita 1 kwa siku. Msuli huo uko karibu, sentimita chache chini ya kiwiko, kwa hiyo huamka kwanza na kuanza kuvuta, wakati ile ya kiganjani bado imelala. Mshike kidole cha mwisho kwenye pingili ya katikati, umwambie akunje ncha peke yake. Ikikunjika, hata kwa udhaifu, neva inaota kuelekea kiganjani. Isipokunjika kabisa kwa mwezi huu wa nne, au vidole visiponyooka ulipobonyeza kifundo, aende kwa daktari wa upasuaji wa mifupa wiki hii, apimwe neva kwa kipimo cha umeme.

Msingoje. Kutoka kiwiko hadi kiganja ni karibu sentimita 30, yaani kama mwaka mzima wa kuota. Msuli uliokaa bila neva zaidi ya mwaka na nusu kwa kawaida haupokei tena. Miezi anayopoteza mtu kwa mkandaji haimrudii.

Wakati huo huo atengenezewe kifaa kidogo cha plastiki kinachozuia vifundo vya kwanza visinyanyuke, anyooshwe vidole polepole kila siku visigande, asilale amekunja kiwiko, wala asikiegemeze akiendesha.

Na kwa wengine mnaosoma: ganzi ya kidole cha mwisho ikija bila ajali yoyote, msiifanyie kukanda. Mwambieni mhudumu wa afya apapase nyuma ya kiwiko na kuangalia ngozi yote. Neva iliyonenepa kama kamba, pamoja na baka lililofifia lisilosikia mguso, ni dalili za ukoma. Haujaisha, dawa zake ni za bure, na zikianza mapema, mkono haufiki kuwa kucha. Wengi huletwa wakiwa wameshachuliwa miezi na vidole vimeganda, na hapo hata upasuaji wa kuhamisha kano hausaidii mpaka vidole vilegezwe kwanza.